Uzi Mwekundu wa Stoilka

Stoilka hakuwahi kuishiwa na hamira. Wanawake wa kijiji cha Gorno Lisets walilisema hilo siku ya mazishi yake, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wamesimama kwenye tope na mabonge ya udongo mikononi. Wengine husifiwa kwa ukarimu au kwa uimbaji. Yeye alisifiwa kwa hamira na viberiti. Nadhani angefurahi.

Nilimtumikia dukani kwake miaka ishirini na mbili. Mimi nilisoma madarasa matatu tu, kisha nikapewa kondoo niwachunge. Ninajua namba na ninaandika polepole, na ninayaandika haya kwa sababu hakuna mwingine anayejua jinsi mama yule alivyofanya kazi, na kwa sababu kuna jambo ambalo sijamwambia mtu.

Duka letu lina vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma. Stoilka hakuwa na daftari la bidhaa. Alikuwa na kibunda cha uzi mwekundu wa sufu. Kila rafu ilikuwa na kitu kimoja kilichofungwa uzi: pakiti moja ya hamira, mfuko mmoja wa chumvi, boksi moja la viberiti. Nilipotaka kujua ni kwa nini pakiti ile na si nyingine niliambiwa maneno manne: "Hesabu kutoka nyuma, Nedka."

Ilinichukua majira mawili ya baridi kumwelewa. Hamira tuliuza pakiti nne kwa siku. Ukipiga simu kuagiza, gari lilifika baada ya siku tatu. Kwa hiyo tangu upige simu mpaka gari lifike, pakiti kumi na mbili zitakuwa zimeondoka. Juu ya hizo aliongeza nne, za dereva kuharibikiwa na gari au za mtu kuozesha binti. Kumi na sita. Basi alihesabu kumi na sita kutoka nyuma ya rafu na kuifunga uzi pakiti ya kumi na sita. Tuliuza kutoka mbele. Siku uzi ulipojitokeza mbele, alinyanyua simu. Mzigo ukija uliwekwa nyuma, na uzi ukahamishwa. Chumvi ilienda mifuko miwili kwa wiki, kwa hiyo uzi wake ulikaa kwenye mfuko wa pili kutoka nyuma, na wateja waliona rafu karibu tupu wakacheka. "Stoilka, umefilisika?" Hakuwa amefilisika. Chumvi ilitosha.

Na uzi ulitembea. Theluji ilipofunga njia na gari likachukua siku saba badala ya tatu, uzi wa hamira ulirudi mbele mpaka pakiti ya thelathini na mbili. Theluji ilipoyeyuka ulisogea nyuma tena. Uzi wa mishumaa ndio uliohama kuliko zote. Kanisa letu halina mtu wa kuuza mishumaa, padre anahudumia vijiji sita na hufika kwetu akiwa na joho na begi tu. Mishumaa myembamba ya makaburini tunauza sisi, katika mafungu ya kumi kumi. Siku za kawaida linaondoka fungu moja kwa siku. Lakini mara tatu kwa mwaka kuna Jumamosi ya Wafu, na watoto wa kijiji wanarudi kutoka mijini, na kila kaburi linataka mwanga. Wiki tatu kabla ya siku hiyo Stoilka aliuchukua uzi wa mishumaa kutoka fungu la kumi akaufunga kwenye fungu la sabini. Rafu ilikuwa na mafungu ishirini tu, kwa hiyo uzi aliufunga kwenye msumari wa ubao, juu, mahali ambapo fungu la sabini lingefika kama lingekuwepo. Msumari ule upo mpaka leo.

Aliwahi kuniambia, mbele ya mtu wa posta na mbele ya Bibi Parashkeva, kwamba akifa duka nitaliendesha mimi. "Nani mwingine anajua kuhesabu kutoka nyuma?" Hakuandika popote. Hakuna aliyefikiri kwamba maneno yake yangehitaji karatasi.

Alikufa mwishoni mwa Septemba, akiwa ameketi kwenye kreti la bia, mkono mmoja juu ya kaunta. Siku ya pili akafika mwanawe.

Desislav alichukuliwa na baba yake kwenda Austria akiwa na miaka sita, na sasa ana arobaini. Kibulgaria chake kina mashimo kama soksi. Ni mtu mpole, ana meno mazuri, anavua viatu mlangoni. Siku ya tatu baada ya mazishi alinionyesha hati ya kulirithi duka, akaniambia nitabaki kama mwajiriwa, tena alisema "kwa furaha". Mimi niliyemwosha mama yake akiwa maiti, niliyemfunga kidevu kwa kitambaa changu. Kwa furaha.

Mwezi wa Oktoba alileta kompyuta akaiweka kwenye kaunta, uso wake ukimtazama yeye na mgongo ukinitazama mimi. Alitengeneza jedwali. Nitasema kweli ingawa inanichoma: lilikuwa jedwali zuri. Kila bidhaa ilikuwa na mstari wake. Aliandika kiasi kilichopo, kiasi kinachouzwa kwa siku, siku za kungoja mzigo, na akiba kidogo ya dharura. Mashine ilizidisha mauzo ya siku kwa siku za kungoja, ikaongeza akiba, ikatoa namba aliyoiita kiwango cha kuagiza. Kilichopo kikiwa juu ya kiwango, kisanduku kilikuwa kijani. Kikifika kwenye kiwango au kushuka chini yake, kiligeuka chekundu.

"Shangazi Nedka, unaona? Kinakuonya kabla rafu haijaisha," alisema, akiniita shangazi kwa heshima tu.

"Naona mgongo wa mashine, mwanangu."

Akacheka, akaigeuza kidogo, nikaona. Nikaona kwamba ni uzi. Ni uzi uleule wa Stoilka, ila umetiwa ndani ya kioo. Hamira kumi na sita. Chumvi mbili. Mashine ilifika mahali palepale alipofika mama yule kwa vidole vyake, na nywele zikanisimama shingoni, kama vile mtu alikuwa nyuma yangu akihesabu.

Kisha akachukua mkasi, akaanza kukata nyuzi.

"Unafanya nini?"

"Hazihitajiki tena. Na zinaonekana, samahani, za uchafu kidogo. Wateja watafikiri ni uchawi."

"Wateja wanajua ni nini."

"Basi sasa watajua jedwali."

Alikuwa akikata, nami nilikuwa nikitoa jibini kwenye maji ya chumvi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Kila alipokata uzi aliudondosha juu ya kaunta, na kaunta ilikuwa na maji. Sikutaka zilowe. Niliziokota kwa meno, moja moja, kama mbwa. Alipofika kwenye mishumaa nilikuwa na kishada cha nyuzi mdomoni na bonge la jibini mikononi.

Alirudi kwenye mashine yake. Akaandika, bila kunitazama vizuri.

"Mishumaa. Fungu moja kwa siku, fundi wa mishumaa wa mjini anachukua siku sita. Sita, na akiba nne. Kumi. Kumi inatosha, shangazi? Kwa vuli yote?"

Nikainua kichwa juu, kidevu mbele, kama tunavyokataa sote hapa. Nilikiinua mara mbili ili aelewe. Hapana, hapana.

"Vizuri sana," akasema, na akabonyeza.

Nilidhani amesema vizuri kwa sababu amesikia. Nilidhani ataandika sabini. Nilitema nyuzi, nikanawa mikono, akaingia mteja wa mafuta ya taa. Ndivyo jambo lilivyopita. Halikuchukua muda wa kufunga kiatu.

Jumamosi ya Wafu ya vuli mwaka ule iliangukia siku ya arobaini ya Stoilka hasa. Kwetu siku ya arobaini ndiyo roho inamaliza kuzunguka nyumbani kwake na kuondoka, na huondoka ikiwa imewashiwa mwanga. Asiyewashiwa anakwenda akipapasa. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu, lakini nilimfunga kidevu mwenyewe.

Jumanne ya wiki hiyo nilitazama rafu. Mafungu ishirini na tatu. Nilitazama msumari mtupu. Nikamwuliza, "Umeagiza mishumaa?"

"Iko ya kutosha. Ni kijani."

"Jumamosi ni ya wafu."

"Najua, nimepiga simu kwa padre," alisema akitabasamu. "Shangazi, usiishi na hofu. Jedwali litatuambia."

Hapo ndipo pangekuwa pa kupiga kelele. Ningeweza kusema: jedwali linajua Oktoba tu, umelilisha Oktoba, halijui kwamba wiki hii kila mtu atataka kwa siku moja anachotaka kwa miezi miwili. Hata hivyo Jumanne fundi angekuwa ameshachelewa, siku sita zinavuka Jumamosi, lakini Desislav ana gari, mjini ni mwendo wa saa mbili, angeenda kuchukua mwenyewe. Nililijua hilo lote. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kisha nikamwona akifuta kaunta mahali nyuzi zilipodondokea, na nikasema, "Haya. Litakuambia."

Jumatano nilinunua fungu moja kwa ajili ya marehemu mume wangu Manol, nikalitia kwenye mfuko wa koti. Yakabaki ishirini na mawili. Kijani.

Alhamisi mchana yalianza kuingia magari ya watoto wa mjini. Kufikia saa kumi na moja mafungu kumi na tano yalikuwa yameondoka, yakabaki saba, na kisanduku kikageuka chekundu. Mashine haikukosea. Ilifanya alichoiambia. Desislav alinyanyua simu papo hapo, kwa fahari kabisa, akaagiza mafungu hamsini, kisha nikamwona akisikiliza, na uso ukimshuka.

"Jumatano ijayo," alisema.

"Siku sita," nikasema.

Ijumaa saa nne asubuhi rafu ilikuwa tupu. Aliondoka na gari kwenda mjini. Kila duka lilikuwa limekaushwa, kwa sababu wafu wa mjini nao wana watoto. Alirudi jioni na mishumaa sita ya keki ya siku ya kuzaliwa, ya rangi ya waridi. Aliiweka kwenye kaunta, akaitazama, akaitia kwenye droo.

Jumamosi hakukuwa na upepo. Siku kama hiyo makaburi yetu kwenye kilima yanaonekana kutoka barabara kuu kama yametiwa moto. Safari hii ilikuwa nuru hapa, nuru pale, kwa wale waliowahi, na katikati makaburi meusi, safu kwa safu. Watu waligawana. Walikata mshumaa mmoja vipande vitatu. Ngano ya kuchemsha ilikuwepo, divai ilikuwepo, kila mtu alimpa mwenzake kikombe na kusema Mungu amrehemu, lakini sauti zilikuwa za chini, na macho yalikuwa yakikimbilia kaburi la Stoilka. Udongo wake ulikuwa bado haujatulia. Juu yake sahani ya ngano, glasi ya divai, na hakuna mwanga. Mwenye duka la mishumaa.

Mimi nilisimama hapo nikiwa na fungu zima mfukoni.

Nilikuwa nimepanga kwenda kwa Manol kwanza. Kisha nikafikiri: nikiwasha, wataniona, wataomba. Kisha nikafikiri jambo jingine, na hilo ndilo nisilomwambia mtu. Nikafikiri: acha Desislav asimame hivyo. Acha amwone mama yake gizani, aone mkasi wake ulivyokata. Dakika tano tu, halafu nitalitoa fungu.

Padre alimaliza. Bibi Parashkeva, ambaye ana miaka themanini na moja na hajawahi kunong'ona, akamgeukia Desislav.

"We mtoto. Mama yako aliniuzia mishumaa miaka hamsini. Leo nimempelekea mume wangu kipande kirefu kama jino. Nieleze."

"Bibi, ninaomba msamaha. Kiwango kilikuwa kidogo."

"Kiwango ni nani?"

Mtu akacheka, akajikatiza. Desislav alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Sidhani alikusudia ubaya. Alikuwa anazama, akashika kilichokuwa karibu.

"Sikuamua peke yangu. Nilimwuliza shangazi Nedka. Yeye ndiye anayejua duka. Nilimwuliza kama kumi inatosha, na alikubali."

Kijiji kizima kilinigeukia. Nimeishi hapa miaka hamsini na mitatu, na sijawahi kutazamwa hivyo. Binti mmoja wa mjini akasema, si kwa sauti ya chini, "Basi alitaka duka, akaliharibu." Kama angenipiga kofi ingekuwa nafuu. Jina langu ndicho kitu pekee nilichobaki nacho, duka limeshaenda, na jina nalo nililiona likishuka shimoni na mama yule.

"Alikubali?" akasema Bibi Parashkeva. "Nedka? Alisemaje?"

"Hakusema. Alikuwa na nyuzi mdomoni. Alifanya kwa kichwa."

"Alifanyaje?"

"Hivi." Na Desislav akainua kidevu juu, akakishusha, akakiinua tena.

Kunguru mmoja alisikika kule kwenye mti wa poplari.

"Fanya tena," akasema Parashkeva.

Akafanya tena, polepole, kwa bidii, kama mwanafunzi.

"Ee Mama wa Mungu," akasema bibi yule. "Huyu amekuambia hapana, mtoto wangu. Mara mbili. Hapa, ukitaka ndiyo, kichwa kinakwenda hivi." Akatikisa kichwa kushoto na kulia, shela lake likicheza. "Huko Austria wanakwenda juu chini kama punda kwenye kilima, lakini hapa hapana. Ulizaliwa mlango wa tatu kutoka kwangu na hujui mama yako alivyokataa?"

Kicheko kilianzia nyuma, kikapita kati ya misalaba. Watu walicheka mpaka wakashika mawe ya makaburi. Hata padre aligeuka akatazama bonde. Desislav hakucheka. Alisimama akiwa amekumbuka, niliona kabisa akikumbuka, kidevu changu na nyuzi nyekundu zikining'inia mdomoni. Akaja mbele yangu, akanishika mikono yote miwili.

"Uliniambia," alisema. "Uliniambia na sikukuona. Nisamehe."

Na wanawake wakaja. Yule wa mjini akaja. Walinikumbatia mmoja baada ya mwingine, Nedka maskini, Nedka mwaminifu, na kila aliyenikumbatia alilibana lile fungu mfukoni mwangu, na nililisikia likitoa mlio mdogo, wa nta inayovunjika. Nilidhani kila mmoja analisikia. Hakuna aliyelisikia. Ningelitoaje sasa? Dakika tano zangu zilikuwa zimekwisha. Ningelitoa, na ningekuwa yule mwingine, ambaye walikuwa wamemtazama dakika moja iliyopita.

Kwa hiyo Stoilka aliondoka bila mwanga. Manol naye alikaa bila mwanga, nilipita kwenye kaburi lake nikamwachia ngano nikaenda zangu haraka.

Jumatatu Desislav aligeuza kompyuta ili uso wake unitazame. Aliniuliza kwa maneno, na alinitaka nijibu kwa maneno. Aliongeza safu mpya kwenye jedwali. Sasa bidhaa ina viwango viwili, cha siku za kawaida na cha msimu, na tarehe ambayo kimoja kinapokea zamu kutoka kwa kingine. Mishumaa ni kumi, lakini wiki tatu kabla ya kila Jumamosi ya Wafu inakuwa sabini, na kisanduku kinakuwa chekundu wakati fundi bado ana muda. Hamira ni kumi na sita, na theluji ikianguka, siku za kungoja zinaandikwa saba na inapanda yenyewe. Nilimpa namba zote. Nilizitoa kichwani moja baada ya nyingine, na alipoandika ya mwisho alisema, "Hizi ni za mama, sivyo?" Nikatikisa kichwa kushoto na kulia. Safari hii alielewa. Amenipa funguo za duka, na anasema akirudi Austria wakati wa kiangazi nitaliendesha mimi. Ndivyo mama yake alivyosema. Nimelipata.

Jumamosi za Wafu za Februari na Juni zilipita vizuri. Kilima chote kiliwaka.

Lakini ninapokaa peke yangu mchana, kabla ya basi la saa nane, ninaisikia rafu ya mishumaa. Si sauti ya kutisha. Ni ile sauti ya mtu anayegusa kitu na kitu, kwa kidole, kutoka nyuma kuja mbele. Inafika fungu la mwisho, inasita, kisha inaongeza moja. Mara zote ni fungu moja zaidi ya yaliyopo. Nimehesabu rafu, nimehesabu jedwali, zinalingana. Inayozidi iko chini ya kaunta kwenye droo yangu, mishumaa kumi iliyovunjika, imefungwa uzi mwekundu. Siwezi kuiwasha na siwezi kuirudisha. Haimo kwenye jedwali la mtu yeyote, na Stoilka, aliyejua kila kilichobaki nyuma ya rafu, anaijua.